Mkopo wa Riba Tupu na Mkupuo wa Mwisho: Namna ya Kujiandaa Kabla Deni Halijaiva

Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: "Nimelipa kila mwezi bila kukosa kwa miaka minne, mbona deni liko palepale?" Jibu ni fupi: ulichokuwa ukilipa ni riba peke yake, na deni la msingi halijaguswa. Swali la pili hufuata papo hapo: "Siku ikifika, si benki itaniongezea muda tu?" Hilo halina jibu fupi, na ndilo lililosababisha mwongozo huu uandikwe.

Mwongozo unamlenga mwenye nyumba za kupangisha nchini Kenya aliyekopa kwa shilingi kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni mkopo wa riba tupu, ambapo unalipa riba kila mwezi na deni lote la msingi linadaiwa siku ya mwisho. Ya pili ni mkopo wenye mkupuo, ambao watu wa benki huuita wa baluni: rejesho la kila mwezi hukokotolewa kana kwamba utalipa kwa miaka 15, lakini mkataba unakwisha baada ya miaka 5 na salio lote linadaiwa kwa pamoja. Katika njia zote mbili, karibu kila mkopaji hutarajia kulipa mkupuo kwa kukopa upya. Hatari yenyewe imo katika tarajio hilo, kwa sababu mkopo mpya utapimwa kwa masharti ya siku hiyo na si ya siku uliyokopa mara ya kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya ofa ya mkopo pamoja na marekebisho yake yote yaliyotiwa saini.
- Taarifa ya akaunti ya mkopo, inayoonyesha salio la msingi la leo na kiwango cha riba kinachotumika sasa.
- Ripoti ya mwisho ya mthamini.
- Taarifa za benki za miezi 12 ambazo kodi za wapangaji zinapitia, na orodha ya vyumba ikionyesha vilivyo na watu na vilivyo vitupu.
- Risiti za malipo ya kodi ya mapato ya pango kutoka KRA.
- Kompyuta au simu yenye programu ya majedwali.

Kama kodi za wapangaji wako zinaingia kwenye simu ya msimamizi kisha anakuletea taslimu, anza kuzielekeza kwenye akaunti ya benki leo. Mkopeshaji mpya hataamini kipato asichokiona kwenye taarifa, na hakuna njia ya kuitengeneza historia ya miezi 12 kwa wiki moja.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe, kiasi na masharti katika barua ya ofa

Soma barua nzima ukiwa na kalamu. Pigia mstari tarehe ya mkopo kuiva, kiasi kitakachodaiwa siku hiyo, namna riba inavyobadilika, na adhabu ya kulipa kabla ya wakati. Kisha tafuta mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza ni kifungu kinachoipa benki haki ya kuudai mkopo wote wakati wowote, au kuupitia upya kila mwaka. La pili ni kifungu cha kuongeza muda. Kama kimeandikwa kwamba muda "unaweza" kuongezwa kwa hiari ya benki, hiyo si haki yako. Haki ni pale barua inapotaja masharti, kwa mfano kwamba ukiwa hujachelewesha rejesho lolote na ukalipa ada fulani, muda utaongezwa kwa miezi 12.

Kosa la kawaida hapa ni kuyategemea maneno ya afisa wa mikopo. Ahadi aliyoitoa mezani miaka minne iliyopita haimo katika faili, na pengine mwenyewe ameshahamishiwa tawi jingine.

Hatua ya 2: Kokotoa mkupuo wenyewe

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Una jengo la vyumba 24 huko Ruaka. Ulikopa shilingi milioni 20 katikati ya 2019 kwa riba ya asilimia 13. Wakati huo sheria ilikuwa bado inazizuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, nacho kilikuwa asilimia 9. Ukomo huo uliondolewa Novemba 2019. Mkopo unaiva katikati ya 2024. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme riba haikubadilika katika miaka hiyo mitano.

Ikiwa ni mkopo wa riba tupu, kila mwezi unalipa takriban shilingi 216,667, na mkupuo ni milioni 20 kamili. Ikiwa rejesho limekokotolewa kwa miaka 15, andika fomula hizi mbili kwenye jedwali. Ya kwanza inatoa rejesho la mwezi, na ya pili salio baada ya miezi 60:

```
=PMT(13%/12, 180, -20000000)
=FV(13%/12, 60, 253048, -20000000)
```

Utapata rejesho la takriban 253,048 kwa mwezi, na mkupuo wa takriban shilingi 16,950,000. Iangalie namba hiyo kwa makini. Ndani ya miaka mitano utakuwa umetoa zaidi ya milioni 15, na deni limeshuka kwa milioni 3 tu, kwa kuwa miaka ya mwanzo ya mkopo mrefu humezwa na riba. Wapo wanaoona wanalipa "msingi na riba" wakadhani mkupuo utakuwa mdogo. Usikisie, weka tarakimu zako mwenyewe kwenye fomula.

Hatua ya 3: Jipime kama mkopeshaji mpya atakavyokupima

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mkopeshaji ana vipimo viwili, na atakupa kiasi kinachoruhusiwa na kile kidogo zaidi.

Kipimo cha kwanza ni thamani ya jengo. Tuseme jengo lilithaminiwa milioni 30 na benki inakopesha hadi asilimia 70: ukomo ni milioni 21. Mthamini mpya akisema milioni 26, ukomo unakuwa milioni 18.2. Unapoisoma ripoti, kumbuka kwamba kwa kawaida ina thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na hii ya pili huwa ndogo kwa kiasi kikubwa. Uliza mapema benki unayoiendea inatumia ipi.

Kipimo cha pili ni kipato. Chukua kodi halisi, si kodi ya jengo lililojaa. Vyumba 24 kwa shilingi 18,000 ni 432,000. Toa asilimia 10 ya vyumba vitupu na wapangaji wasiolipa, unabaki na 388,800. Toa asilimia 7.5 ya kodi ya mapato ya pango, ambacho ndicho kiwango tangu Januari 2024, yaani 29,160. Toa pia 70,000 za msimamizi, maji, taa za ngazini, bima na ukarabati. Kinachobaki ni kama 290,000 kwa mwezi. Benki hutaka kipato hicho kizidi rejesho, na kipimo kinachotumika sana ni kwamba kiwe mara 1.25 ya rejesho. Gawanya 290,000 kwa 1.25, upate 232,000. Hilo ndilo rejesho kubwa kabisa ambalo jengo lako linaweza kubeba machoni pa mkopeshaji.

Sasa uliza: rejesho la 232,000 linalipa mkopo wa kiasi gani? Mwaka 2024 wastani wa riba za mabenki nchini ulipanda hadi karibu asilimia 17. Kwa riba hiyo na mkopo mpya wa miaka 10, fomula ni hii:

```
=PV(17%/12, 120, -232000)
```

Jibu ni takriban shilingi 13,350,000. Kama unadaiwa milioni 20, pengo lako ni milioni 6.65. Kama unadaiwa milioni 16.95, pengo ni milioni 3.6. Jengo la milioni 26 halikusaidii kitu hapa, kwa sababu kilichokubana ni kipato na si thamani. Wenye nyumba wengi hujifariji kwa thamani ya kiwanja, kisha hushangaa benki inapowakatalia.

Kuna jambo jingine katika hesabu hii ambalo nafikiri ni muhimu kuliko riba yenyewe. Badilisha asilimia 17 kuwa 13 katika fomula hiyohiyo. Utapata takriban milioni 15.5, na bado aliyekuwa na mkopo wa riba tupu atapungukiwa milioni 4.5 hata kama riba haikupanda hata kidogo. Mwaka 2019 alipita kipimo kwa sababu kipato chake kililinganishwa na malipo ya riba tupu, 290,000 kwa 216,667, ambayo ni mara 1.34. Lau wangempima kwa rejesho linalolipa deni la msingi, hata kwa miaka 15, angepata mara 1.15 tu, na ombi lingekataliwa. Kwa hiyo pengo lilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila muundo wa mkopo ulilificha. Ukipewa mkopo wa riba tupu leo, fanya kipimo hiki kabla ya kutia saini, si mwaka wa nne.

Rudia hesabu kwa riba tatu: ya sasa, ya juu kwa asilimia 3, na ya juu kwa asilimia 5. Kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 na kikafika 13 Februari 2024, kwa hiyo kujipima kwa ongezeko la asilimia 5 si woga uliopitiliza.

Hatua ya 4: Anza kuliziba pengo mapema

Katika mfano wetu, mkopaji wa riba tupu anabakiwa na kama shilingi 73,000 kila mwezi baada ya kulipa benki. Akiziweka zote kwa miezi 60 atakuwa na milioni 4.4 kabla ya faida yoyote, na pengo lake ni milioni 6.65. Haitoshi, lakini kutafuta milioni 2.25 si sawa na kutafuta milioni 6.65. Anayelipa kwa mpango wa miaka 15 anabakiwa na kama 37,000 kwa mwezi, yaani milioni 2.2 dhidi ya pengo la milioni 3.6.

Wapi pa kuziweka? Kama barua ya ofa inakuruhusu kupunguza deni la msingi bila adhabu, au kwa adhabu ndogo, mimi ningepunguza deni. Kila shilingi inayopunguza deni la asilimia 13 inakuokoa asilimia 13, ilhali faida ya hati za hazina au ya mfuko wa soko la fedha inakatwa kodi ya asilimia 15 kabla haijakufikia. Tahadhari ni moja: pesa iliyokwenda kwenye deni hairudi. Kwa hiyo kwanza weka akiba ya miezi mitatu ya malipo ya benki, kisha ziada ndiyo ipunguze deni. Unapofanya hivyo, iandikie benki barua kueleza kwamba malipo hayo ni ya kupunguza deni la msingi. Bila maelekezo hayo, pesa yako inaweza kukaa kama malipo ya mapema ya riba za miezi inayofuata.

Onyo kubwa hapa ni kuikopea akiba hiyo. Ziada ya 73,000 huonekana kama faida ya jengo, na wengi huitumia kulipia kiwanja cha pili au mkopo wa gari. Sehemu kubwa yake ni deni la msingi ambalo halijadaiwa bado.

Hatua ya 5: Anza kutafuta mkopo mpya miezi 18 kabla

Miezi 18 kabla, rudia Hatua ya 3 kwa tarakimu mpya na uchukue ripoti yako kutoka taasisi ya taarifa za mikopo, ili kosa lolote lililomo lisahihishwe. Angalia pia kama kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa, na kama hati ni ya kukodi, imebakiza miaka mingapi. Miezi 12 kabla, iendee benki yako ya sasa kwa maandishi na uulize masharti ya kuugeuza mkopo kuwa wa kulipwa polepole. Wakati huohuo peleka maombi kwenye benki nyingine mbili na kwenye chama cha akiba na mikopo kama wewe ni mwanachama. Miezi 6 kabla, uwe na barua ya ofa mkononi.

Miezi hiyo sita haihusu uvivu wa mtu. Hati miliki yako imeshikwa na benki ya zamani, na haitaiachia kabla ya kulipwa. Benki mpya nayo haitatoa pesa kabla ya kuwa na hakika ya hati. Fundo hilo hufunguliwa na mawakili wa pande mbili kwa ahadi rasmi ya maandishi: wakili wa benki mpya anaahidi kulipa, na wa zamani anaahidi kukabidhi hati pamoja na fomu ya kuondoa rehani. Rehani ya zamani inaondolewa, mpya inasajiliwa, na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya mkopo unalipwa. Barua moja ikikaa mezani wiki tatu, kila kitu kinasimama. Gharama za wakili, mthamini na ada ya kuandaa mkopo nazo ziko juu yako, kwa hiyo ziongeze kwenye pengo ulilokokotoa. Kwa kupanga tu, mimi hutenga asilimia 3 ya mkopo mpya.

Serikali ya Kenya ilipitia njia hiyohiyo hadharani. Hatifungani yake ya miaka 10 iliyotolewa 2014 ilikuwa ya riba tupu ya asilimia 6.875, na dola bilioni 2 zilikuwa ziive kwa mkupuo Juni 2024. Februari 2024, miezi minne kabla, ilikopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 na kununua sehemu kubwa ya hatifungani ya zamani. Ilipata pesa, lakini kwa bei ya mtu ambaye soko linajua hana muda wa kusubiri.

Mambo yakikwama

*Mthamini ameshusha thamani.* Omba ripoti usome majengo aliyoyalinganisha na lako. Kama amekosea idadi ya vyumba au ukubwa wa kiwanja, mwandikie kupitia benki asahihishe. Kama tofauti ni ya maoni tu, tafuta mthamini mwingine aliye kwenye orodha ya benki unayoiomba, maana ripoti ya aliye nje ya orodha haitapokelewa.

*Benki mpya imekubali kiasi pungufu.* Usikimbilie mkopo wa haraka usio na dhamana kuziba sehemu iliyobaki, kwa kuwa rejesho lake litahesabiwa na kukushusha tena kwenye kipimo cha kipato. Jaribu kwanza muda mrefu zaidi: katika mfano wetu, miaka 15 badala ya 10 inainua mkopo kutoka milioni 13.35 hadi kama milioni 15, ingawa jumla ya riba utakayolipa itapanda sana. Njia nyingine ni kuiomba benki ya sasa ipokee kiasi hicho na kuligeuza salio kuwa mkopo mdogo wa miaka miwili au mitatu.

*Benki inasema itaongeza muda, lakini kwa miezi mitatu mitatu.* Kubali mara moja ukihitaji kukamilisha uhamisho ambao umeshaanza. Kama hakuna ofa nyingine mezani, nyongeza hizo zinakula ada na riba huku pengo likibaki lilelile. Huo ndio wakati wa kuliweka jengo sokoni mwenyewe.

*Tarehe imepita na hujalipa.* Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki inatakiwa kukupa kwanza ilani ya miezi mitatu ya kurekebisha kasoro, kisha ilani ya siku 40 ya nia ya kuuza, na baada ya hapo dalali hutoa ilani yake ya siku 45. Hesabu siku hizo kuanzia ilani ya kwanza na uzitumie kuuza kwa hiari, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida hulipa vizuri kuliko wa mnadani. Iandikie benki kwamba unauza, na ambatisha barua ya wakala. Ukipata mnunuzi, peleka mkataba wa mauzo, kwani benki nyingi husimamisha mnada zikiona amana imelipwa kwa wakili. Mnada ukifanyika nawe una ushahidi kwamba jengo liliuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa robo au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake wa kutafuta bei nzuri hadi ithibitishe vinginevyo. Vilevile, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka ukomo wa riba inayoweza kurundikana juu ya mkopo uliokwama: haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku mkopo ulipokwama. Mpe wakili wako taarifa ya akaunti ya mkopo kuanzia mwezi huo, akague kama benki imeuvuka ukomo huo.